Karatasi ya Marudio: Visababishi vya Upungufu wa Damu

Mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa biolojia huwa na maelezo ya upungufu wa damu katika sehemu nyingi. Kitabu kimoja chataja chuma katika sura ya lishe, kingine chataja safura katika sura ya minyoo, na selimundu huonekana katika sura ya urithi. Malaria yumo katika daftari la mwaka uliopita. Makala hii yaonyesha namna ya kuyakusanya maelezo hayo katika karatasi moja yenye maneno ya ukumbusho, kwa kutumia mfano wa mwanafunzi wa Ndandalo, katika Wilaya ya Kyela.

Hatua ya kwanza ni kuchambua, si kutunga maneno. Tuseme daftari la mwanafunzi huyo lina maelezo haya: upungufu wa chuma, safura, kuchoka upesi, malaria, lishe duni, viganja vyeupe, selimundu, chembe nyekundu ndogo zenye rangi hafifu. Haya si mambo ya aina moja. Kuchoka na weupe wa viganja ni dalili. Chembe ndogo zenye rangi hafifu ni jambo linaloonekana kwa hadubini. "Lishe duni" ni maelezo mapana mno: lazima yagawanywe, iulizwe ni kirutubisho gani kilichokosekana, chuma au vitamini. Vinavyobaki ndivyo visababishi.

Hatua ya pili ni kuvipanga visababishi kwa jinsi vinavyofanya kazi. Mkulima wa Kyela akikuta mpunga umepungua ghalani, ana maswali matatu tu: je, mavuno yaliyoingia yalikuwa haba? Je, wadudu wameuharibu humo ndani? Au umevuja kupitia tundu? Damu nayo hupungua kwa njia hizo hizo. Chembe nyekundu hutengenezwa katika uboho wa mifupa na huishi siku 120 hivi. Damu itapungua iwapo chembe zitatengenezwa chache, au zitavunjwa kabla ya wakati wake, au zitavuja nje ya mishipa. Basi karatasi igawanywe katika sehemu tatu: Uhaba, Uvunjaji, Uvujaji.

Hapa ndipo ugumu wa lugha unapojitokeza. Vitabu vya Kiingereza hupenda kutumia herufi ya kwanza ya kila neno. Katika Kiswahili njia hiyo haifai sana, kwa sababu viambishi vya ngeli huyafanya maneno mengi yaanze sawa: upungufu, ugonjwa, uboho, uzazi, uvujaji, yote yana "u" mwanzoni. Herufi hiyo haimkumbushi mtu chochote. Inafaa zaidi kuchukua silabi, na ikibidi kuondoa kiambishi kwanza: uboho hutoa BO, uzazi hutoa ZA, vidonda hutoa DO. Silabi za Kiswahili huungana kwa urahisi na kuwa maneno yanayotamkika.

Kwa njia hiyo karatasi yaweza kuandikwa hivi:

UHABA: CHUKU VIBO (kama chuku za viboko wa ziwani)
CHU: chuma kimepungua
KU: magonjwa ya kudumu, kama kifua kikuu, UKIMWI na maradhi ya figo
VI: vitamini, yaani foliki na B12
BO: uboho wenyewe umeharibika

UVUNJAJI: SEMAKI (samaki aliyebadilishwa irabu moja)
SE: selimundu
MA: malaria
KI: kimeng'enya cha G6PD kimepungua, au kinga ya mwili inashambulia chembe zake yenyewe

UVUJAJI: SAZA KIDO (mwanzo wa "saza kidogo")
SA: safura
ZA: uzazi, pamoja na hedhi nzito
KI: kichocho
DO: vidonda vya tumbo na vya ajali

Silabi KI imetokea mara mbili. Ndiyo maana neno la ukumbusho lisikaririwe peke yake, bali pamoja na jina la sehemu yake. Mwanafunzi aseme "Uvunjaji, semaki", wala asiseme "semaki" tu; vinginevyo kichocho kitahamia mahali pa kimeng'enya.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ni kuchora mishale. Orodha hudai kila kisababishi kikae mahali pamoja, lakini mwilini kimoja huzaa kingine. Safura ni mfano bora. Bonde la Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, lina joto na mvua nyingi, na udongo wenye unyevu chini ya kivuli cha migomba na mikakao huwafaa viluwiluwi vya minyoo ya safura, ambavyo hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu. Mnyoo mmoja wa aina ya *Necator americanus* humpotezea mtu damu kiasi cha mililita 0.03 kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo, lakini minyoo 100 hupoteza mililita 3. Kila mililita ya damu ya mtu mwenye afya ina miligramu 0.5 hivi za chuma. Kwa hiyo chuma kinachotoka na damu ni kama miligramu 1.5 kwa siku. Utumbo hufyonza tena sehemu ya chuma hicho, lakini kinachosalia hupotea. Ikikumbukwa kwamba mtu mzima hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu za chuma kwa siku kutoka katika chakula, ni wazi kwamba akiba yake itakwisha. Basi mshale uchorwe kutoka SA kwenda CHU: uvujaji umezaa uhaba.

Mshale wa pili utoke MA kwenda BO, kwa sababu malaria huvunja chembe na pia hudhoofisha kazi ya uboho.

Faida ya mishale huonekana katika swali kama hili: "Kijana wa Ndandalo hulima bila viatu. Viganja vyake ni vyeupe, na chembe zake nyekundu ni ndogo na zenye rangi hafifu. Eleza kisababishi na tiba." Mwenye orodha tupu huona chembe ndogo, akajibu "chuma", akapendekeza vidonge vya chuma peke yake. Huyo amejaza ghala lenye tundu. Mwenye mishale hufika CHU, kisha hurudi nyuma hadi SA na kuuliza chuma kimepotelea wapi. Atapendekeza choo kipimwe kama kina mayai ya minyoo, na yakionekana, dawa ya minyoo kama albendazoli itolewe pamoja na chuma.

Karatasi ikikamilika, ifunikwe kwa siku moja, kisha mwanafunzi aiandike upya bila kuitazama. Mwalimu anaposahihisha atenganishe makosa ya aina mbili. Kisababishi kilichosahaulika chaonyesha kwamba neno la ukumbusho ni dhaifu, nalo libadilishwe. Kisababishi kilichokumbukwa lakini kikawekwa katika sehemu isiyo yake, kwa mfano selimundu chini ya Uhaba, chaonyesha kwamba somo lenyewe halijaeleweka. Hapo kubadilisha neno hakutasaidia. Mwanafunzi arudishwe kwenye siku 120 za maisha ya chembe, aelezwe kwamba chembe za selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, kisha aamue mwenyewe zinakostahili kuwekwa.