Suruali ilinyooka dukani, ikafuliwa ikajipinda: soma uzi kabla hujamlaumu mwenye duka

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee na wale mnaouza nguo za kushonesha mtandaoni. Kuna malalamiko yanajirudia sana: "Dada, suruali nzuri ila nimeifua mara moja tu, mshono wa ndani umekuja mbele." Mteja anatuma na picha. Unarudisha hela, na nauli ya basi inakuwa juu yako. Halafu hujui umlaumu nani, fundi au mwenye duka la vitambaa. Jibu lipo kwenye nguo yenyewe, na unaweza kulisoma kwa macho na futi ya fundi.

Nianze na kisa. Hapa Bigwa kuna dada anauza suruali pana za kitenge, anaziweka stetasi, anatuma hadi Dar na Dodoma. Alishonesha suruali 12, akauza zote kwa 28,000 kila moja. Ndani ya mwezi, 4 zikarudi zimejipinda mguuni. Yeye akaamua kitenge ni kibovu, akawa anataka kuhama duka. Nikamwambia, dada, kabla hujahama niletee moja iliyorudi na moja ambayo mteja wa jirani anaivaa bila shida. Tutarudi kwenye suruali hizo. Kwanza tuelewane kuhusu kitambaa.

Vitambaa viko vya aina mbili

Chukua gunia la katani, uliangalie kwa karibu. Utaona nyuzi zinazokwenda urefu na nyingine zinazokatiza upana, moja inapita juu ya mwenzake, inayofuata inapita chini. Zile za urefu zinaitwa mtande, za upana zinaitwa mshindio. Kitenge, khanga, kadeti, jinzi na shuka vyote vimefumwa kwa mtande na mshindio, ila nyuzi zake ni nyembamba, na kwenye kadeti na jinzi uzi huruka zaidi ya mmoja kabla ya kupita chini. Pembeni kwa urefu, pale kitambaa kisipochambuka, ndipo ukingo wa kiwandani. Mtande siku zote unakwenda sambamba na ukingo huo.

Sasa vuta gunia kwa urefu: haliendi. Livute kwa upana: haliendi. Lishike pembe mbili zinazotazamana ulivute kwa mshazari, hapo linakwenda. Nyuzi zenyewe hazijarefuka. Vile vyumba vya mraba kati ya nyuzi ndivyo vimelala upande, kama fremu ya mbao ya misumari minne ukiisukuma pembeni. Shika hilo, maana ndiyo siri yote ya nguo kujipinda.

Aina ya pili ni kitambaa cha vitanzi: tisheti, jezi, sweta, dera zile za kuvutika. Hapa hakuna mtande wala mshindio. Uzi unapinda kuwa kitanzi, kitanzi kinapita ndani ya kitanzi cha chini yake, na ndiyo maana kinavutika. Ukikichunguza upande wa mbele utaona safu nyembamba zinazopanda juu kama misuko ya kichwani. Hizo safu ndizo unazozifuata wakati wa kukata.

Mjini kwetu Morogoro aina zote mbili zipo viwandani: khanga na vitenge vimefumwa na kuchapwa hapa, na Mazava wanashona nguo za michezo za kitambaa cha vitanzi. Kwa hiyo usidhani kuna kitambaa bora na kitambaa duni. Kila kimoja kina tabia yake, na kila kimoja kinajipinda kwa sababu yake.

Tulichokiona kwenye suruali

Tukazilaza suruali mbili mezani. Katikati ya mguu, kwa mbele, nikapiga mstari wa chaki kutoka juu ya goti hadi chini, sentimita 60, pale ambapo ungepiga pasi mkunjo. Kisha nikaanza na uzi mmoja wa mtande uliopo juu kwenye chaki, nikaufuata taratibu kwa ncha ya sindano hadi chini.

Kwenye suruali nzima, uzi ulishuka na chaki mpaka mwisho. Kwenye iliyorudi, uzi uliiacha chaki. Ulipofika chini ulikuwa umeenda sentimita 4 upande wa ndani wa mguu. Kipande cha nyuma tulipokipima, uzi wake ulikuwa umenyooka.

Basi hapo maelezo yakakamilika. Nguo ikining'inia mwilini, uzito wake unavuta chini, na nyuzi za mtande zinataka zishuke wima. Ukikata kipande nyuzi zikiwa zimeinama, zitajirudisha zenyewe wima, na vile vyumba vya mraba vitalala upande. Uzi ulikuwa umeinama kwenda ndani, kwa hiyo ukinyooka unasukuma sehemu ya chini ya kipande kwenda nje. Kipande cha nyuma hakitaki kwenda popote. Wameshonwa pamoja, mmoja anavuta, mwingine amegoma, mguu mzima unazunguka. Mshono wa ndani ukaja kukaa kwenye ugoko.

Kwa nini hakuna aliyeiona siku ya kupiga picha? Kwa sababu kitambaa kipya kina wanga na pasi ya kiwandani, kimeshikwa kama kadibodi. Maji yakiutoa ule wanga, nyuzi zinapata uhuru. Ndiyo maana ugomvi huanza baada ya kufua mara ya kwanza.

Swali likabaki: kwa nini 4 tu kati ya 12? Nikamuuliza kitambaa kilikatwaje. Alinunua pisi 4 za yadi 6, kila moja 24,000. Kwa mtindo ule suruali moja inataka yadi 2 na nusu, maana yake pisi inatoa 2 na kipande kinabaki. Aliomba fundi abane zitoke 3. Fundi akabana: suruali 2 alizikata sawa, ya 3 akainamisha pateni ya mbele ili iingie kwenye nafasi iliyobaki. Suruali 3 kwa pisi, 1 imeinama, pisi 4. Ndizo 4 zilizorudi.

Kitenge hakikuwa na kosa, maana suruali mbili za pisi hiyohiyo zilikaa vizuri. Kwa kubana aliokoa pisi 2, yaani 48,000. Kwa kurudisha hela akatoa 112,000, bado nauli.

Kabla ya kukata

Dukani kitambaa hukatwa kwa mkasi harakaharaka, kwa hiyo usiuamini ule mwisho wake. Chomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo, utaacha mstari mwembamba. Kata juu ya mstari huo. Fanya hivyo kwenye kila mwisho, kisha kunja ukingo juu ya ukingo. Kona zikikutana, kitambaa kimenyooka. Zikipishana, tuseme sentimita 3, kitambaa kilivutwa vibaya kiwandani, na hata fundi mzuri akikata sawasawa na ukingo nguo itajipinda.

Kikiwa cha pamba kinarekebishika: kiloweshe, watu wawili mshike zile kona mbili zilizo karibu zaidi, mvute kwa mshazari, kisha kikauke na kipigwe pasi. Cha poliesta hakirekebishiki kwa mikono, kwa sababu kiwandani kilishapigwa joto kikakubali umbo lile. Kirudishe kabla hujakikata.

Kwenye pateni, hakikisha kila kipande kina mstari mrefu wa uzi. Fundi akishaitandika, apime kutoka mstari hadi ukingo, juu na chini. Juu ikiwa sentimita 22, chini nayo iwe 22. Ukiwa na haraka, kagua hilo moja tu, linachukua dakika moja.

Mtu ataniuliza, mbona kuna sketi zinakatwa mshazari na hazijipindi? Mshazari kamili, ile pembe ya 45, mtande uko kushoto na mshindio kulia kwa usawa, wanavutana sare. Zinarefuka, ndiyo maana fundi huitundika siku nzima kabla ya kupinda chini. Hatari ni ule uinamo mdogo wa kubana kitambaa, ambao hauonekani kwa macho.

Kwa wauza tisheti

Kitambaa cha vitanzi huwezi kukichomoa uzi. Tena kina shida yake: kingi hutengenezwa kwenye mashine ya duara, mstari wa vitanzi unapanda kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara. Na uzi wa pamba umesokotwa, ukilowa unataka kujisokotoa, vitanzi vinainama pamoja nao. Kwa hiyo tisheti nyepesi ya pamba inaweza kukatwa vizuri kabisa na bado mshono wa ubavuni ukaja tumboni.

Hapa usikisie, jaribu. Nunua kipande kidogo kwanza. Kata vipande viwili vya mraba, sentimita 50 kwa 50, ubavu ukifuata zile safu za misuko. Vishone kama foronya, acha chini wazi. Fua, anika pakauke, rudia mara tatu. Ukilaza, angalia mshono wa pembeni umehama kiasi gani kule chini. Ukihama sentimita 1, nunua roba lote. Mimi ukizidi 2 na nusu, ambayo ni 5 kwa 100, sinunui kwa ajili ya tisheti. Jezi nzito za pande mbili zinazofanana mbele na nyuma huhama kidogo tu, maana vitanzi vya upande mmoja vinawazuia wa pili.

Iliyokwishajipinda je?

Kufumua na kushona upya hakusaidii, maana uzi umeshakatwa ukiwa umeinama. Pasi itainyoosha mpaka kufuliwa tena. Dada wa Bigwa zile 4 tulizikata juu ya goti zikawa kaptula. Kipande kikiwa kifupi, ule uinamo unabaki kidogo. Wa sentimita 4 kwenye 60 unakuwa kama 1 na theluthi kwenye 20. Akaziuza 12,000 kila moja, akimwambia mteja ukweli.

Mzigo wa pili alinunua pisi 6 dukani kwa yuleyule mwenye duka. Pisi ilitoa suruali 2, na vipande vilivyobaki akatengenezea vilemba. Fundi ni yuleyule pia, ila sasa kabla ya mkasi kugusa kitambaa dada anashika futi, anapima juu, anapima chini.