Usimjibu mteja "bei iko kwenye picha": andika slaidi zinazosomeka na asiyeona

Mteja kaandika kwenye komenti: "Dada, hilo dera bei gani?" Na wewe fasta unamjibu: "Bei iko kwenye picha mpenzi, slaidi ya pili." Kimya. Harudi tena. Unajisemea huyu hakuwa mnunuzi.

Inawezekana kabisa alikuwa mnunuzi, ila haoni. Simu yake inamsomea kila kitu kwa sauti, na ilipofika kwenye picha yako haikukuta cha kusoma. Yale maneno uliyoyapachika juu ya picha, kwa simu yake si maandishi. Ni sehemu ya picha, kama maua yaliyo kwenye kitambaa.

Instagram huwa inajaribu kukisia picha ina nini. Ndiyo maana mteja anaweza kusikia "May be an image of dress", au maneno mawili matatu yaliyookotwa kwenye slaidi. Haijui kwamba ni dera, haijui lina mtandio wake, na haijui mzigo umebaki vipande vinne. Hayo unayajua wewe, na sehemu ya kuyaandika ipo. Inaitwa Alt text, yaani maelezo ya picha ambayo anayeona hayaoni, ila simu ya asiyeona inayasoma.

Pa kuyaandika

Ukiwa ukurasa wa mwisho kabla ya kuposti, shuka chini mpaka More options au Advanced settings (jina linategemea toleo la programu), kisha tafuta Write alt text. Posti ikiwa na slaidi 5, utaona picha zote 5, kila moja na kisanduku chake. Jaza vyote. Wengi wanajaza cha kwanza tu, kwa hiyo mteja anasikia slaidi moja na nyingine nne zinabaki bubu.

Posti za zamani nazo zinarekebishika: bonyeza vidoti vitatu, Edit, halafu Edit alt text juu ya picha.

Andika kama unamjibu mteja aliyekupigia simu

Hii ndiyo kanuni ninayoitumia. Mteja wa kwenye simu haoni mzigo, na wewe huwa unamweleza vizuri tu: ni nini, rangi gani, kitambaa gani, saizi, bei. Humwambii "kali sana, hutajutia" ukaishia hapo.

Tuchukue posti ya madera yenye slaidi 5.

Slaidi ya 1 ni tangazo. Wengi wangeandika: "madera Dar, madera bei poa, nguo za wanawake, dera kali". Hizo ni hashtagi, na mteja anasikia orodha isiyomwambia kitu. Andika hivi: "Madera mapya matatu yametundikwa kwenye henga: damu ya mzee, kijani na bluu. Maandishi: Dera na mtandio, shilingi 25,000."

Slaidi ya 2 ni dera lenyewe: "Dera la damu ya mzee lenye maua madogo meupe, limevaliwa na dada mnene, linafika kwenye kifundo cha mguu. Mikono mipana, shingo ya duara, mtandio wa rangi hiyo hiyo."

Usianze na "Picha ya...", simu yenyewe imeshamwambia kwamba hii ni picha. Na usiache rangi ukidhani haimhusu. Wapo waliowahi kuona na wanazikumbuka rangi zote. Asiyewahi kuona naye anataka nguo itakayoendana na kilemba alichonacho, au na sare ya harusi ya mdogo wake.

Slaidi ya 3 ni kitambaa kwa karibu. Hapa ndipo mteja wa dukani angeshika kwa mkono, kwa hiyo mpe kile ambacho mkono ungemwambia: "Kitambaa kwa karibu: pamba laini, chepesi, hakiteleziki. Pindo limeshonwa mara mbili."

Slaidi ya 4 ni jedwali la vipimo. Usilibane lote humo, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudi kwenye mstari mmoja kirahisi kama jicho linavyofanya. Andika: "Jedwali la vipimo vya saizi tatu. Vipimo vyote vimeandikwa kwenye kapsheni." Kisha uviandike kweli kwenye kapsheni, kila saizi mstari wake.

Slaidi ya 5 ni jinsi ya kuagiza. Hapa nakili maneno yote kama yalivyo, pamoja na namba ya simu. Na namba hiyo iwepo pia kwenye kapsheni, ili aweze kuinakili.

Anayeona kwa shida naye

Kuna wateja wanaoona, ila kwa ukungu. Hawa mara nyingi wamekuza herufi kwenye simu zao. Kapsheni inakua, lakini herufi zilizo ndani ya picha hazikui. Akivuta picha kwa vidole, akiachia tu inarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo herufi za slaidi ziwe kubwa tangu mwanzo. Kipimo rahisi: ifungue kwenye simu yako na uilinganishe na kapsheni. Herufi za slaidi zikiwa ndogo kuliko za kapsheni, hazifai. Punguza maneno, usipunguze herufi.

Pia tuache maandishi ya dhahabu juu ya nyeupe, au meupe juu ya kitenge chenye maua. Weka utepe mweusi mtupu nyuma ya maneno. Ukitaka kujua kama yanasomeka, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye galari. Maneno yakimezwa, badilisha.

Kapsheni nayo ina mitego

Zile fonti za urembo unazonakili kwenye programu, simu inaweza kuzisoma kama alama za hesabu au kuziruka kabisa. Namba ya simu ya vijipicha vya emoji inasomwa kijipicha kimoja kimoja, na mioto 10 mfululizo inaweza kutajwa moto mmoja mmoja. Andika herufi za kawaida, na "shilingi 25,000" badala ya "25,000/=", maana ile mikwaju inaweza kutamkwa kama alama.

Sikiliza mwenyewe kabla hujaposti nyingine

Kwenye Android nenda Settings, Accessibility, TalkBack. Kabla hujaiwasha, washa TalkBack shortcut, ili uweze kuizima kwa kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja. Bila hivyo utahangaika, kwa sababu TalkBack ikiwa imewaka, kugusa mara moja ni kusomewa tu, na kubonyeza ni kugusa mara mbili. Kiswahili kikisomwa kama Kiingereza, badilisha lugha kwenye Text-to-speech output.

Sasa fungua posti yako, fumba macho usione kioo, kisha mpe mtu mwingine apitishe slaidi moja moja. Mwisho jiulize: nimejua ni nguo gani, rangi gani, bei gani na naagizaje? Kama kuna moja hujaipata, na mteja hakuipata.

Anza na ile posti inayokuletea maswali mengi ya bei. Rekebisha hiyo leo, halafu utuambie kwenye komenti ulisikia nini.