Simu Moja, Kazi Mbili: Sifa Zinazomfaa Mfanyabiashara Mdogo

Mama mmoja auzaye vitenge na mitandio sokoni alifika ofisi ya biashara akilalamika kwamba mtandao wa malipo unamwangusha. Wateja walikuwa wakimwonyesha kwenye simu zao kuwa wamekwisha kulipa, ilhali kwake ujumbe hauingii. Siku moja alimzuia mteja aliyelipa kwa haki, wakagombana mbele ya watu. Kesho yake, akiogopa kugombana tena, alimwamini mwingine ambaye hakuwa amelipa, akapoteza doti tatu za kitenge.

Tulipoifungua simu yake tuliona kuwa mtandao hauna hatia. Hifadhi ilikuwa imejaa picha za bidhaa na video za vikundi, na simu ambayo hifadhi yake imejaa yaweza kukataa kupokea ujumbe mfupi kwa kuwa haina mahali pa kuuweka. Alipofuta video chache, jumbe za malipo za tangu asubuhi ziliingia kwa mfululizo. Picha zilikuwa zimeufungia mlango ujumbe wa fedha.

Kisa hiki ndicho msingi wa somo letu. Mfanyabiashara apigaye picha za bidhaa na kupokea fedha kwa simu kutwa nzima huipa simu yake kazi mbili zinazogombania chombo kimoja. Basi anapokwenda dukani asiulize ni simu ipi yenye kamera kubwa, bali ni simu ipi ambayo kazi ya kwanza haitaikwamisha ya pili.

Tuanze na hifadhi, ambayo kwenye boksi huandikwa ROM. Mama wa vitenge hupiga picha kama 60 kwa siku, kwa sababu kila kitenge hukipiga mara mbili au tatu kabla ya kupata picha aipendayo. Tukikadiria MB 4 kwa kila picha, hizo ni MB 240 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya GB 6 kwa mwezi. Bado hatujahesabu picha ambazo wateja humtumia kwa WhatsApp, nazo hujihifadhi zenyewe asipozima mpangilio huo. Simu ya GB 64 haimpi GB 64 zote, maana mfumo wa simu na programu zake huchukua sehemu kubwa kabla hajapiga picha hata moja. Katika hali hiyo, miezi mitano haiishi kabla ya simu kujaa. Kwa kazi hii GB 128 ndicho kiwango cha kuanzia.

Muuzaji atasema, “Chukua ya GB 64, utaongeza memori kadi.” Kabla ya kukubali, mwombe atoe kile kitrei cha laini ukione kwa macho. Baadhi ya simu zina nafasi tatu, mbili za laini na moja ya kadi. Nyingine zina nafasi mbili tu, na ile ya pili hupokea ama laini au kadi, lakini si vyote viwili. Mfanyabiashara mwenye laini za mitandao miwili akinunua simu ya aina hiyo atalazimika kuacha kupokea malipo ya mtandao mmoja ili apate mahali pa picha. Jambo hili mara nyingi halionekani kwenye tangazo, na wengi hulijua wakiwa wamekwisha kufika nyumbani.

Sifa ya pili ni kumbukumbu ya kazi, iandikwayo RAM. Hii si ghala la kuweka vitu, bali ni kama meza ya kufanyia kazi: kadiri meza ilivyo pana ndivyo unavyoweza kuwa na kazi nyingi wazi kwa wakati mmoja. Mfanyabiashara huyu huwa na WhatsApp, kamera na programu ya malipo wazi pamoja. Meza ikiwa finyu, simu huifunga programu moja kimyakimya ili kuipisha nyingine. Ukiwa kwenye programu ya malipo ukatoka kidogo kupiga picha, ukirudi utakuta imeanza upya, inakudai namba ya siri tena, na mteja amesimama. GB 4 halisi ni kiwango cha chini. GB 6 humpa mtu utulivu.

Nimesema “halisi” kwa makusudi. Maboksi mengi sasa huandika “8GB” kwa herufi kubwa, kisha chini yake kwa herufi ndogo “4GB + 4GB”. Nusu ya pili si kumbukumbu ya kazi, bali ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa kufanya kazi hiyo, nayo ni ya polepole zaidi, tena hupunguza nafasi ya picha zako. Hesabu namba ya kwanza tu, na hiyo nyingine ichukulie kuwa ni mapambo.

Kuhusu laini mbili, kuna jambo moja ambalo bei kubwa haiondoi sikuzote. Katika simu nyingi, unapozungumza kwa laini moja, ile nyingine hukaa bila mtandao mpaka umalize. Mteja akilipa kwenye laini ya pili wakati huo, ujumbe utachelewa. Hiyo si hitilafu. Ndivyo simu ilivyotengenezwa. Wafanyabiashara wenye malipo mengi huiweka laini ya Lipa Namba katika simu ndogo ya vitufe, ambayo betri yake hudumu siku kadhaa, na simu janja wakaiachia picha na mazungumzo. Menyu kama *150*00# haihitaji intaneti wala simu janja. Kwa maoni yangu, huo ni ununuzi wa busara kuliko kuongeza fedha nyingi kwenye simu moja.

Sasa kamera, ambako fedha nyingi hupotea. Megapikseli 50 zinavutia machoni, lakini simu nyingi za namna hiyo huunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 na ushei. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa tena kabla ya kumfikia mteja. Vivyo hivyo zile lenzi ndogo za megapikseli 2 zilizopangwa nyuma ya simu ili zionekane nyingi, mchango wake katika picha ya bidhaa ni mdogo sana.

Yanayofaa kuangaliwa ni mawili. La kwanza ni uwezo wa kamera kulenga yenyewe, kwa kuwa baadhi ya simu za bei nafuu zina lenzi isiyosogea. Watu wakiwa mbali huonekana vizuri, lakini hereni au maandishi ya kopo yakisogezwa karibu hufifia. Jaribio lake ni jepesi. Weka noti ya shilingi 1,000 juu ya kaunta, ishushe simu hadi urefu wa kiganja kutoka kwenye noti, gusa kioo mahali penye maandishi madogo, kisha piga na uikuze picha. Ukishindwa kuyasoma, usiinunue kwa kazi ya bidhaa, hata kama boksi linataja megapikseli 100.

La pili ni rangi. Nenda dukani na kipande cha kitambaa unachokijua, ukipige chini ya taa ya duka, kisha mlangoni kwenye kivuli cha mchana, ukilinganisha kioo na kitambaa chenyewe. Kamera dhaifu huifanya nyekundu ya damu ya mzee kuwa ya nyanya, na zambarau hugeuka buluu. Kwa muuza vitenge hiyo ni hasara, maana mteja wa mbali huagiza rangi aliyoiona na hukirudisha kitambaa kisipofanana, na nauli ya kurudisha hulipwa na muuzaji.

Betri iwe 5000 mAh au zaidi. Kinachoimaliza hasa ni kioo, ambacho juani hukiwasha kwa mwanga wake wote. Tena mahali penye mtandao hafifu simu hutumia nguvu zaidi kuutafuta, na laini mbili humaanisha kutafuta mara mbili. Usidanganyike na pawa benki: ile ya 10000 mAh haijazi betri ya 5000 mara mbili. Sehemu ya nguvu hupotea katika kupandisha umeme na kuwa joto, hivyo tarajia kuijaza mara moja na kitu juu yake. Ukinunua simu iliyotumika, kumbuka kuwa betri iliyochajiwa mamia ya mara imekwisha kupungua uwezo, hata kama kioo kinameta.

Tumrudie mama wa vitenge. Alikuwa na shilingi 350,000 na mbele yake simu mbili za bei hiyo. Ya kwanza ilikuwa na megapikseli 50, “8GB” iliyokuwa 3 halisi na 5 za kuazima, hifadhi ya GB 64, na kitrei cha nafasi mbili. Ya pili ilikuwa na megapikseli 13, RAM ya GB 4 halisi, hifadhi ya GB 128 na nafasi tatu. Betri zililingana. Aliipenda ya kwanza. Tukamwomba afanye jaribio la noti kwa zote mbili: zote zililenga vema, na kwenye WhatsApp binti yake aliyekuwa nyumbani hakuweza kutambua picha ipi imetoka simu ipi. Akachukua ya pili. Kama ile ya megapikseli 13 ingeshindwa kulenga karibu, ushauri wetu ungekuwa asubiri na kuongeza akiba, si kuchukua ile ya kwanza.

Alikuwa ameiacha simu yake ya zamani bila kufuli, kwa sababu kuandika namba ya siri mara 100 kwa siku kunachosha. Ndiyo maana kitambuzi cha alama ya kidole, hasa kilichowekwa ubavuni, si anasa kwake. Mwizi asiyejua namba ya siri ya malipo bado aweza kusoma jumbe na kuwaandikia wateja kwa jina la mwenye simu.

Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# kwenye simu hiyohiyo unayoinunua, linganisha namba ya IMEI iliyotokea na ile ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halali. Tangu Juni 2016 simu bandia huzimwa nchini, na iliyozimwa haipokei malipo wala haitumi picha kwa laini. Simu ikithibitishwa, mwombe muuzaji aiandike IMEI kwenye risiti, nayo risiti ihifadhiwe nyumbani, si ndani ya kava la simu yenyewe kama alivyofanya mama yetu kwa ile ya kwanza.