Maharage ya Msimu Uliopita

Hii ni hadithi ya mwenye duka mmoja wa Muheza.

Duka lake lilikuwa dogo, karibu na soko. Alibakiwa na nusu gunia la maharage ya msimu uliopita, na mapya kutoka Lushoto yalikuwa yamekwisha kufika. Akayachanganya, akaandika juu ya kipande cha boksi: "Maharage Mapya ya Lushoto."

Mama mmoja auzaye chakula akanunua kilo 5. Kesho yake alirudi amekasirika. "Kaka, nimeyabandika tangu alfajiri. Kufika adhuhuri nusu yamekuwa uji, nusu ni changarawe. Mkaa umekwisha, na wateja wangu wamekwenda kula kwingine."

Ndivyo yalivyo maharage. Yakikaa sana ghalani, hasa penye joto na unyevu, hukakamaa, yakachelewa kulainika. Yaliyokaa mno huenda yasilainike kabisa. Makuukuu yakilowekwa na kupikwa peke yake, mara nyingi huiva, ila polepole. Yakichanganywa na mapya, mpishi afanye nini? Akiepua mapema, haya ni magumu. Akingoja, yale yamepondeka.

Mwenye duka akamrudishia fedha zake. Jioni akaketi na mkewe, ungo magotini, wakachambua. Yaliyong'aa waliyaweka upande mmoja, yaliyofifia na kuiva rangi upande wa pili. Yenye matundu ya wadudu wakayatupa. Waliyoyatilia shaka waliyahesabu kuwa makuukuu, na hapo ndipo hasara ilipouma. Kisha wakapika konzi moja ya kila fungu, waone wenyewe yachukua muda gani.

Asubuhi palikuwa na vibao viwili. Cha kwanza: "Mapya." Cha pili: "Ya msimu uliopita. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika peke yake. Bei imepunguzwa."

Jirani yake akacheka. "Nani hutangaza kasoro ya mali yake?" Na kweli, juma la kwanza fungu la pili halikusogea.

Yule mama alirudi juma la tatu. Alinunua mapya kwa ajili ya biashara yake, na kilo 2 za makuukuu kwa ajili ya nyumbani, maana sasa alijua la kufanya. Hata hivyo alitia mkono mpaka chini ya gunia, akakagua. Mwezi wa pili hakukagua tena. Alimtuma mtoto na kikapu: "Shikamoo. Mama amesema umpe yanayofaa kwa wateja."

Siku moja mapya yalikuwa yamekwisha. Makuukuu yalikuwapo, na mtoto asingetambua.

"Mwambie mama, mapya hakuna mpaka kesho kutwa."

Mtoto akaondoka na kikapu kitupu. Kesho kutwa, kabla mlango haujafunguliwa wote, alikuwa amesimama pale, na nyuma yake mtoto wa jirani, naye ana kikapu.