Marehemu Ameacha Akaunti ya Facebook: Familia Ifanye Nini?

Mazishi yakiisha, familia nyingi za Kericho na Bomet hubaki na simu ya marehemu na ukurasa wake wa Facebook. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa sana.

Je, kampuni itatupa nywila yake?
Hapana. Facebook haimpi mtu yeyote nywila ya marehemu, awe mke, mzazi au mtoto. Familia inaweza kuomba mojawapo ya mambo mawili: ukurasa ugeuzwe wa kumbukumbu, au ufutwe kabisa.

Tofauti yake ni ipi?
Ukurasa wa kumbukumbu huwekwa neno "Remembering" kando ya jina. Picha na maandishi hubaki, lakini hakuna anayeweza kuingia tena, hata aliye na nywila. Ukifutwa, kila kitu huondoka na hakirudi. Kwa hiyo hifadhini kwanza picha mnazoziona, kisha mwamue.

Tunahitaji hati gani?
Kwa kumbukumbu, jazeni fomu ya "Memorialization Request" mkiambatisha cheti cha kifo, tangazo la kifo au kadi ya kumbukumbu. Kufuta huombwa na jamaa wa karibu au msimamizi wa mirathi, na cheti cha kifo ndicho huharakisha kazi. Kumbukeni kwamba kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti hutolewa na idara ya usajili wa raia.

Mbona maombi mengine hukwama?
Mara nyingi ni majina. Tuseme kijana wa Mogogosiek alijiita "Kip wa Chai" mtandaoni, na cheti kina majina yake matatu ya kitambulisho. Anayekagua hawezi kujua kuwa ni mtu mmoja. Nakilini anwani kamili ya ukurasa wake, si jina pekee, na picha ya cheti isomeke vizuri pembe zote nne.

Na pesa zilizo M-PESA, tukiwa na PIN?
Msizitoe. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura 160, kinakataza kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nendeni kwenye duka la Safaricom na cheti cha kifo, vitambulisho na barua ya chifu, muulize kama kiasi kilichopo kinahitaji pia hati za mahakama za usimamizi wa mirathi.

Aliye hai ajipange vipi?
Facebook humruhusu mwenye akaunti kuteua "Legacy contact". Huyo ataweza kubadilisha picha ya ukurasa na kuweka tangazo la mazishi, ila hatasoma jumbe za faragha. Mwenye akaunti akishafariki, familia haiwezi kumteulia mtu. Teua wako leo, na umwambie.