Mafunzo Niliyopata Nilipomwambia Mwenza Wangu Kwamba Ninaishi na VVU

Natumia dawa tangu 2013. Ninashona nguo mjini Morogoro, ni mjane, na miaka michache iliyopita nilianza kuzoeana na fundi umeme mmoja ambaye naye alikuwa amefiwa na mkewe. Yeye akiniita dada, mimi nikimwita kaka, mpaka ikafika mahali ambapo sote wawili tulijua udada na ukaka huo umebaki mdomoni tu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilidhani mazungumzo yatakuwa ya machozi, kumbe sehemu kubwa yalikuwa ya maabara.

1. Soma karatasi yako kabla hujamwambia mtu

Kliniki yetu ya CTC huchukua damu ya kupima wingi wa virusi mara moja kwa mwaka kwa mtu ambaye hali yake imetulia. Majibu yakirudi, wengi wetu huambiwa "uko vizuri mama, endelea hivyo hivyo," tunachukua makopo yetu tunaondoka. Neno "vizuri" halikunitosha, kwa sababu nilijua nitaulizwa vizuri kwa kiasi gani. Nikamwomba muuguzi anionyeshe majibu yenyewe.

Yalikuwa yameandikwa TND. Maana yake ni kwamba mashine ilivitafuta virusi kwenye ile damu isivikute. Wengine huandikiwa namba. Ikiwa chini ya kopi 50 kwa mililita moja ya damu, virusi vinahesabiwa kuwa havigunduliki. Ikiwa juu ya hapo lakini haizidi 1,000, vimefubazwa ila bado vinaonekana. Ikizidi 1,000, kuna jambo la kutafutwa: ama dawa hazimezwi sawasawa, ama virusi vimekuwa sugu.

Muuguzi akanionyesha pia tarehe mbili, ya kuchukuliwa damu na ya kutoka majibu. Ya kwanza ndiyo yenye uzito. Karatasi inasema habari za siku ile sindano ilipoingia mkononi, na yanayofuata baada ya siku hiyo yanategemea unavyomeza dawa. Karatasi yangu ilikuwa na miezi kumi. Nililiweka hilo akilini, kwa sababu sikutaka kumpa mtu ahadi ya miezi kumi iliyopita nikaiita ya leo.

2. Mwambie mchana, kabla ya miili kukutana, na mahali anapoweza kuondoka

Nilimwambia saa tisa alasiri, kwenye mgahawa ambao si wa mtaani kwangu wala kwake. Usiku chumbani mtu huamua kwa haraka, na asubuhi anaweza kudai alitegwa. Mgahawani angeweza kulipa chai yake akaondoka, nami vilevile. Kwa mwanamke hilo si dogo, maana wapo waliopigwa kwa kusema. Mwenye hofu ya namna hiyo asiende peke yake. Mshauri nasaha wa kliniki anaweza kuwaita wote wawili na kusaidia kulisema jambo hilo mbele yake.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtu anayejua ana virusi amweleze mwenza wake, na kuambukiza kwa makusudi ni kosa la jinai. Lakini sikusema kwa sababu ya sheria. Nilitaka siku atakapoyakuta makopo kabatini asidhani alifichwa.

Maneno yangu yalikuwa machache: "Kaka, nina virusi vya UKIMWI. Natumia dawa kila siku, na kipimo cha mwisho hakikuviona virusi kwenye damu. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kwenda ukafikiri, nenda." Sikuanza na historia ya nani aliniambukiza. Ukianza nayo, mtu ataanza kumtafuta mkosaji, na swali lake lenyewe, yaani yeye atakuwa salama au la, litakosa nafasi.

Alinyamaza, akachokonoa kidole gumba chake, kisha akauliza swali ambalo sasa naamini kila mtu huuliza.

3. "Kwa hiyo umepona?"

Hapana. Hapa ndipo wengi huteleza, pamoja na sisi wenyewe tunaotumia dawa. Virusi hujificha ndani ya chembe fulani za mwili na kulala humo, mahali ambapo dawa haivifikii na mashine ya kupima damu haivioni. Dawa inazuia vile vilivyo macho visizaliane. Ukiiacha, vilivyolala huamka, na kwa watu wengi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache.

Nikamwonya na jambo jingine mapema. Angenipeleka kwenye kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole, bado majibu yangetoka chanya, na yatatoka hivyo miaka yote. Kipimo kile hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza siku ulipovamiwa, na askari hao hubaki hata adui akiwa hana nguvu tena. Namfahamu mama ambaye mume wake alimwona ni mwongo kwa sababu hiyo tu: karatasi ya kliniki ilisema virusi havionekani, kipimo cha kidole kikasema anavyo. Vyote viwili vilisema kweli.

4. Neno "sifuri" linahitaji ushahidi

Nilipomwambia kwamba mtu ambaye virusi vyake havigunduliki haambukizi kwa njia ya ngono, alicheka kidogo. Fundi umeme haamini waya umekufa mpaka aupime. "Nani aliyejaribu?" akauliza.

Swali zuri. Walijaribu wenza wenyewe, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana. Utafiti uitwao PARTNER ulifuatilia wenza wa namna hiyo barani Ulaya, na matokeo yake ya awamu ya kwanza yalitoka 2016. Zilikuwa jozi karibu 900 za wenza, wakakutana kimwili bila kondomu zaidi ya mara 50,000, wakati mwenye virusi akiwa na kopi chini ya 200. Watu 11 waliambukizwa katika kipindi hicho. Nilimtajia idadi hiyo makusudi, kwa sababu ukiificha na mtu akaikuta mwenyewe, hatakuamini tena. Virusi vya hao 11 vilichunguzwa vinasaba, ikaonekana havikutoka kwa wenza wao. Walivipata nje. Maambukizo kutoka kwa mwenza aliye kwenye dawa hayakuwepo hata moja.

Akasema Wazungu ni Wazungu. Nikamwambia kuhusu utafiti mwingine, HPTN 052, uliohusisha jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo. Nao haukukuta maambukizo yaliyotoka kwa mwenza ambaye dawa zilikuwa zimekwisha kuvifubaza virusi vyake na vikabaki hivyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaandika wazi: asiyegundulika hana hatari yoyote ya kumwambukiza mwenza wake kwa ngono, na aliye na kopi zinazoonekana lakini hazizidi 1,000 hatari yake inakaribia sifuri.

Nadhani kilichomgusa zaidi ni Kisumu. Aliwahi kufanya kazi huko.

5. Mpe nafasi ya kuthibitisha, kisha kubalianeni juu ya siku za katikati

Alitoweka wiki nzima. Sikumpigia. Aliporudi alisema anataka kwenda kliniki, nami nikafurahi kuliko kama angesema "hakuna shida." Mtu anayesema hakuna shida siku hiyo hiyo, mimi humwogopa kidogo. Huenda hajasikia.

Tulienda pamoja. Alipimwa, hana. Mshauri nasaha alimpa ratiba ya kurudia kipimo, kwa sababu maambukizo ya karibuni yanaweza kuchelewa kuonekana hadi miezi mitatu. Wenza kama sisi kliniki inatuita wenye majibu tofauti. Akaelezwa pia kuhusu dawa kinga, ambayo asiye na virusi humeza ili asiambukizwe. Kwa mwenza wa mtu asiyegundulika si lazima, lakini ina kazi pale ambapo mwenye virusi ndiyo kwanza anaanza dawa, au anapokosa vidonge mara kwa mara, au mwingine hana uhakika na mwenzake. Yeye hakuichukua.

Zilibaki siku za katikati. Karatasi yangu ilikuwa na miezi kumi, na kipimo kingine kilikuwa baada ya miezi miwili. Tukakubaliana kutumia kondomu mpaka majibu mapya yatoke. Yalitoka TND tena. Alisoma mwenyewe, akaangalia tarehe zote mbili, akauliza kama damu ile kweli ni yangu. Muuguzi akamwonyesha namba ya kadi. Kuanzia hapo uamuzi wa kondomu ukawa wa mambo mengine, si wa VVU.

6. Adui anaweza kuwa kidonge cha kiungulia

Dawa yetu ya sasa, TLD, ni kidonge kimoja kwa siku, na ndani yake mna dolutegravir. Ina nguvu sana, lakini ikikutana tumboni na vidonge vya magnesium vya kiungulia, hushikana navyo na mwili hauipati yote. TLD inatakiwa imezwe saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baadaye. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu navyo vinaweza kufanya hivyo, hasa vikimezwa pamoja nayo bila chakula.

Mwenzetu mmoja kikundini alikuwa hajakosa dozi hata siku moja, lakini majibu yake yakarudi yamevuka 1,000. Walimuuliza maswali mengi kuhusu kusahau dawa, naye akawa analia kwamba hasahau. Muuguzi mmoja ndiye aliyemuuliza anameza nini kingine. Magnesium, kila usiku, kwenye kiganja kimoja na TLD. Alitenganisha saa, yeye na mumewe wakarudi kwenye kondomu, akapewa ushauri wa karibu kwa miezi mitatu, damu ikachukuliwa upya, na virusi vikawa vimeshuka tena.

Kwa hiyo ninamweleza mwenza wangu hata dawa za mafua ninazonunua dukani. Naye ndiye anayeniuliza saa tatu usiku kama nimemeza.

7. Sifuri hiyo ni ya ngono na ya VVU tu

Haizuii kaswende wala kisonono, na haizuii mimba. Kuchangia sindano ni habari nyingine. Kunyonyesha pia: mama asiyegundulika anapunguza sana hatari kwa mtoto, lakini haifiki sifuri, ndiyo maana mtoto hupewa dawa zake na kupimwa kwa ratiba.

8. Siri sasa ina watu wawili

Hili sikulitegemea. Aliponikubali, alitaka kumwambia dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea. Kwake lilikuwa jambo la heshima. Kwangu lilikuwa mlango unaofunguka upande mmoja. Tulibishana siku kadhaa. Mwisho tulikubaliana kwamba habari za damu yangu nitazisema mimi, kwa mtu na kwa wakati nitakaouchagua, na yeye akihitaji wa kuzungumza naye amwone yule mshauri nasaha, ambaye kazi yake inamfunga kutunza siri. Dada mtu nilimwambia mwenyewe baadaye, tukichambua mchele nyumbani kwake. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimeshakula.