Somo: Kichwa, Kucha na Pete ya Mpishi

Vikundi vingi tunavyovitembelea hapa Nakuru, Njoro, Bahati na Molo vimeanza kazi ya kupikia watu. Vingine vina kibanda kando ya barabara, vingine vinaitwa kwenye harusi, matanga na mikutano ya shule. Ni kazi nzuri. Lakini swali moja linarudi kila mahali tunapoenda. Afisa wa afya ya umma akija anauliza kuhusu vitambaa vya kichwa, kucha na bangili, na akina mama wananung'unika kwamba anatafuta makosa tu. Shosho mmoja alituambia wazi, "Mimi nimepika na pete hii miaka 40, na hakuna mtu amekufa."

Tunamheshimu shosho, na hatukutaka kumjibu kwa maneno matupu. Kwa hivyo tulifanya zoezi, na nyinyi mnaweza kulifanya kwenye mkutano wenu ujao.

Chukueni mafuta ya kupikia kijiko kimoja, mchanganye na masizi kidogo yaliyokwaruzwa chini ya sufuria. Kila mtu ajipake mikononi, mbele na nyuma, kama anayepaka losheni. Halafu kila mmoja anawe kama anavyonawa siku zote kabla ya kupika, kwa maji na sabuni. Sasa kaeni kwenye mwangaza mtazamane mikono. Viganja vitakuwa safi. Weusi utabaki chini ya kucha, kwenye mikunjo ya vidole, na pale pete inapokaa. Vua pete uone mstari mweusi uliojificha chini yake. Mwenye bangili au shanga za uzi ataona zaidi, kwa sababu uzi unanyonya mafuta na haukauki upesi. Shosho alitazama kidole chake, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe."

Masizi tunayaona. Vidudu hatuvioni, lakini vinakaa mahali pale pale. Aliyetoka chooni akanawa haraka anaweza kubaki na vidudu vya taifodi au kipindupindu chini ya kucha, akavipeleka moja kwa moja kwenye kachumbari ambayo haipiti motoni tena.

Lakini leo tungependa kueleza zaidi kidudu kingine ambacho watu hawakijui sana. Kinaitwa stafilokokasi. Hiki hakitoki chooni. Kinaishi kwetu wenyewe, puani, kwenye ngozi na nywele, na kwa wingi sana kwenye jipu na kidonda chenye usaha. Karibu watu 3 katika kila 10 wanacho puani na hawaumwi hata kidogo. Ndiyo maana cheti cha afya, kile ambacho wapishi wa Kenya hupimiwa kila baada ya miezi 6, hakitoshi peke yake. Kipimo cha choo kinatafuta taifodi, minyoo na amiba. Hakimwoni mama aliyepangusa pua kwa mkono akarudi kukata nyama.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga ili kueleza jambo. Kikundi kimeombwa kupika chakula cha matanga cha watu 200, siku ya Jumamosi saa saba mchana. Ijumaa jioni wanachemsha nyama ya ng'ombe mpaka inaiva vizuri. Saa mbili usiku wanaitoa, na akina mama wanne wanaikatakata kwa mikono ikiwa bado na joto. Mmoja amejikata kidole siku mbili zilizopita, na kidonda kimeanza kutoa usaha. Amekifunga kwa kipande cha kitambaa. Nywele zake ni rasta ndefu zisizofungwa, na kila zikimwangukia usoni anazirudisha nyuma kwa mkono ule ule. Saa tatu wamemaliza. Nyama yote inarudishwa kwenye sufuria moja kubwa, inafunikwa kwa mfuniko na gunia juu yake, inaachwa karibu na jiko.

Hapa ndipo watu wa upande wetu wanajidanganya. Tunasema, "Huku ni baridi, chakula hakiharibiki." Ni kweli kwamba usiku wa Molo unaweza kukufanya ulale na sweta mbili. Lakini sufuria kubwa iliyofunikwa kwa gunia haisikii baridi ya nje. Katikati yake panabaki vuguvugu kwa saa nyingi, kama mtoto aliyebebwa mgongoni, na vuguvugu ndiyo stafilokokasi inapenda.

Tupige hesabu. Tuseme kila gramu ya nyama ilipata vidudu 100 kutoka kwa kile kidole. Joto likivifaa, vinajigawa kuwa mara mbili kila nusu saa. Baada ya saa moja ni 400. Baada ya saa tatu ni 6,400. Baada ya saa tano vimepita 100,000, na vikifika kiasi hicho vinakuwa vimetoa sumu ya kutosha kumwangusha mtu. Wapishi bado wamelala.

Asubuhi nyama inatiwa kwenye mchuzi na kuchemshwa sana. Mpishi anafikiri moto umemaliza mambo yote. Moto umeua vidudu, hiyo ni kweli. Sumu waliyoiacha haiuawi na kuchemsha. Inabaki kwenye nyama, na nyama hainuki wala haibadiliki ladha. Watu wanakula saa saba. Kufika saa kumi wengine wameanza kutapika na kushikwa na tumbo, baadaye kuhara. Kwa kawaida ugonjwa huu huanza kati ya saa moja na saa sita baada ya kula, na wengi hupona kwa siku moja. Watoto wachanga, wazee na wagonjwa wanaweza kuishiwa na maji mwilini upesi na lazima wapelekwe kituo cha afya.

Halafu maneno yanaanza. Wengine watasema maji ya kisima. Wengine watasema kuna jirani aliyeweka kitu. Njia nzuri ya kujua ni kuuliza kila mtu alikula nini, aliyeugua na ambaye hakuugua. Kama waliokula githeri peke yake, iliyopikwa asubuhi hiyo, wako wazima, na walioanguka wote walikula nyama, basi mmejua mahali pa kutazama. Na kama walianguka mapema, kabla ya jua kutua, na wengi wanatapika kuliko kuhara, dalili hizo zinaelekea kwa sumu ya aina hii. Taifodi haiji haraka namna hiyo, huchukua siku nyingi. Msimwage mabaki kabla afisa wa afya hajayaona.

Tukirudi kwa yule mama, ni nini kingesaidia? Cha kwanza ni kile kidole. Kitambaa si ulinzi, maana kinalowa na kupitisha usaha. Kidonda kifunikwe kwa plasta isiyopitisha maji, na juu yake glavu. Jikoni kwenye hoteli kubwa hutumia plasta ya buluu, kwa sababu hakuna chakula cha rangi hiyo na ikidondoka inaonekana. Lakini kidonda chenye usaha tunakiona kivingine kabisa. Mama huyo apewe kazi ya kuni, maji au kupokea wageni mpaka apone, bila kuaibishwa. Tukumbuke pia kwamba glavu haina uchawi. Ukishika pua ukiwa na glavu, glavu imekuwa pua.

Kuhusu nywele, wengi wanafikiri shida ni unywele kuonekana kwenye sahani. Hiyo ni aibu, ndiyo, na mteja hatarudi. Shida kubwa zaidi ni mkono unaokwenda kichwani kila mara na kurudi kwenye chakula. Kitambaa kilichofungwa vizuri, kinachofunika paji la uso na masikio mpaka kisogo, kinaondoa sababu ya kujishika. Rasta na wigi zinaingia chini yake zote. Wanaume wanaochoma nyama wavae kofia safi, si ile ya shambani. Na tafadhali, fungeni kitambaa kwanza, vaeni aproni, halafu ndipo mnawe mikono. Tumeona watu wengi wakinawa vizuri sana, kisha wanaanza kujifunga kichwa.

Kucha zina kipimo rahisi. Geuza kiganja kikutazame. Ukiona ukucha umechungulia juu ya ncha ya kidole, ni mrefu, ukate. Rangi ya kucha inaficha uchafu na inabanduka vipande vipande kwenye unga wa chapati. Kucha za bandia ni mbaya zaidi, kwa sababu chini yake hakuoshiki, na zikitoka hujui zimeingia sufuria gani. Dada zetu Waislamu waliuliza kuhusu hina. Hina ni rangi iliyoingia kwenye ngozi na ukucha, haibanduki, kwa hivyo haina neno.

Aproni inatuletea ugomvi kidogo, kwa sababu ya leso. Leso moja hufunga mtoto, hupangusa jasho, hupangusa kamasi, hushika sufuria moto, kisha hupangusa sahani za wageni. Tuliyahesabu haya kwenye jiko moja katika asubuhi moja, na si kwamba tunacheka, hata mama zetu walifanya hivyo. Leso ibaki kwa mtoto. Aproni iwe ya rangi nyeupe au hafifu ili uchafu uonekane, ivuliwe kabla ya kwenda chooni, na isigeuzwe kuwa taulo. Mikono ikauke hewani au kwa kitambaa kilichofuliwa siku hiyo. Mikono ya sweta ikunjwe mpaka kwenye kiwiko. Pini na kalamu zisikae kifuani, maana mtu huinama juu ya sufuria. Nailoni karibu na moto huyeyuka na kushika ngozi, na viatu viwe vya kufunika vidole. Githeri inayotokota ikimwagika kwenye malapa, mtaniambia.

Sasa pete ya ndoa. Hapa wataalamu wenyewe hawako sawa. Sehemu nyingine huruhusu pete moja isiyo na jiwe wala nakshi, na jikoni nyingine hukataa kila kitu. Sisi tunaonelea hivi: pete laini inayozunguka kidoleni ivuliwe wakati wa kunawa na kuoshwa nayo, na wakati wa kukanda unga, kuponda mukimo au kukatakata nyama isivaliwe kabisa. Isiyotoka, jaribu sabuni na maji baridi asubuhi, wakati kidole hakijavimba. Ikikataa kabisa, mwenyewe apewe mwiko, asiguse chakula kilichoiva kwa mkono. Pete zenye mawe, saa, bangili na hereni za kuning'inia ziachwe.

Watu hawavui vitu hivi kwa sababu moja tu, wanaogopa kuibiwa. Kikundi kimoja kilitatua jambo hilo bila gharama. Mweka hazina huja na bahasha, kila mmoja anaandika jina lake juu ya yake, anatia pete na saa, na zote zinafungiwa kwenye sanduku la pesa mpaka sufuria ya mwisho ioshwe. Shosho wetu ndiye siku hizi anayeshika ufunguo.